Uji wa Mtu Mmoja

Mama alikuwa mwalimu wa sayansi ya nyumbani katika shule ya msingi nje kidogo ya Kitale, na alipostaafu watu hawakumwacha astaafu. Walikuja mlangoni Jumapili baada ya kanisa, wakasimama na kusema neno moja. "Mukimo." "Chapati." Mwingine alikuja na neno "resipe" peke yake, bila kutaja ya chakula gani, kama mtu anayeagiza soda na hajasema ni ya rangi gani.

Mama hakumfundisha mtu kabla hajamuuliza maswali matatu. Kwa watu wangapi? Uko na nini kwa nyumba? Ushawahi kupika, ama uliona tu? Bila majibu hayo, alisema, anayekufundisha kupika anakudanganya, kwa sababu mukimo wa watu wanne si mukimo wa watu arobaini uliozidishwa mara kumi. Viazi na mahindi ya kuponda kwa watu arobaini vinataka sufuria nyingine, mwiko mwingine, na mtu mwingine wa kukupokea mikono ikichoka.

Nakumbuka msichana mmoja aliyekuja kuuliza keki.

"Ya watu wangapi?"

"Ya harusi, Mwalimu."

"Sikukuuliza ni ya nini. Wangapi?"

"Kama thelathini."

"Umejihesabu?"

Msichana akacheka. Hakuwa amejihesabu, na hakuna aliyekuwa akijihesabu. Mama alisema hiyo ndiyo alama ya mpishi mwanamke, kwamba anahesabu wote waliokaa kitini na kumsahau yule aliyesimama jikoni. Yule msichana hakuwa na oveni. Alikuwa na unga wa ngano, sukari, siagi, mayai sita na sufuria mbili. Basi Mama akamwambia atandaze mchanga ndani ya sufuria kubwa, aweke ile ndogo juu ya mchanga, afunike, kisha makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. "Na usifunue kila dakika kuchungulia. Keki si mtoto mgonjwa." Ile keki niliila mwenyewe, na ilikuwa imeiva hadi katikati.

Simu za mkononi zilipoingia, nilimnunulia moja. Wakati huo nilikuwa nimeolewa Bungoma, naishi Kanduyi, nikiwa na kibanda cha kushona kando ya barabara. Baba alikuwa ameshafariki na Mama alibaki peke yake shambani, na simu nilimpa ili moyo wangu utulie. Yeye akaigeuza darasa. Watu wakaanza kumtumia meseji za neno moja, naye akajibu kwa maswali yake matatu, yaleyale, bila hata salamu. Nami nilikuwa mmoja wa wanafunzi. Nikikwama, tuseme na maharagwe meusi, naandika "Njahi" na kusubiri kuulizwa. Kwa njia hiyo alijua habari zetu zote. Mume wangu alipokwenda kufanya kazi mbali, sikumwambia, lakini niliandika watu watatu badala ya wanne, na jioni alinipigia kuuliza nani amekosekana mezani.

Naeleza haya yote kwa sababu nilikuwa najua. Nilijua kwamba kwa Mama neno la chakula halikuwa mchezo, na kwamba jibu la "wangapi" ni habari. Baadaye sikuweza kujitetea kwamba sikufahamu.

Dalili zilikuwepo. Alinitumia kwa watu wanaosafiri pakiti tatu za chumvi ndani ya mwezi mmoja, kila mara akisema alisikia nimeishiwa. Jirani yake aliniambia alimuuliza chapati, na Mama akamuuliza "watu wangapi" mara mbili, akajibiwa mara mbili, kisha akanyamaza. Nilisema ni uzee. Hilo ni neno zuri la kufunikia uvivu wa mtoto.

Halafu siku ya Jumatatu, nikiwa nashona sare za shule, simu ikalia. Ilikuwa meseji ya Mama, neno moja.

"Uji."

Nilicheka peke yangu. Mwalimu aliyefundisha nusu ya wasichana wa upande ule anauliza uji? Nikaona ananitania, na nikaona fahari kidogo kwamba leo zamu ya kuuliza ni yangu. Nikaandika: "Watu wangapi? Uko na nini? Ushawahi kupika ama uliona tu?"

Alikawia kama robo saa. Kisha likaja jibu: "Mmoja. Unga. Sijui."

Nilimwonyesha mama aliyekuwa akiuza mboga mbele ya kibanda changu, Mbukusu mmoja mwenye maneno machache. Akatabasamu. "Mwarimu wako ni mcheshi, bana," akasema. Nami nikamwandikia Mama maneno ambayo ningelipa chochote niyafute. Niliandika: "Umefeli. Rudi darasa la sita."

Hakujibu. Nikarudi kwa sare zangu.

Jumatano yule mama wa mboga alikuwa akichambua mrenda, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Na ulimwambia?"

"Nani?"

"Mama yako. Ule uji."

"Si alikuwa anacheza."

Akaendelea kuchambua. "Mtu mzima akiuliza chakula, hachezi."

Nikampigia Mama pale pale. Simu iliita hadi ikakatika. Nikapiga tena, na tena. Nikafunga kibanda sare zikiwa nusu, nikaenda Kitale mchana ule ule.

Nilimkuta amekaa jikoni, amevaa sweta kinyume, amepungua hadi shingo ilikuwa imetoa mifupa. Aliniangalia kwa adabu. Kwenye jiko palikuwa na sufuria iliyojaa mabonge, unga mkavu uliomwagwa moja kwa moja ndani ya maji yanayochemka. Nje yalikuwa ute na ndani unga mbichi. Mengine yalikuwa yameumwa. Kando yake palikuwa na sufuria ya pili hivyo hivyo, na ya tatu, iliyoanza kuota ukungu. Nje, ghala lilikuwa limejaa mahindi hadi mlangoni, maana mavuno yalikuwa mazuri mwaka ule. Alikuwa anakaribia kufa njaa akiwa na magunia ya kulisha kijiji.

Mezani palikuwa na daftari, na mwandiko wake ule wa ubaoni, ulionyooka. "Uji," alikuwa ameandika, na kupiga mstari chini. "1. Maji. 2." Baada ya mbili hakukuwa na kitu. Alikuwa ameanza upya kwenye ukurasa uliofuata, na uliofuata. Niligeuza kurasa nne, nikafunga daftari kwa sababu nilikuwa nataka kupiga kelele na hakukuwa na wa kumpigia ila mimi.

Nikaosha sufuria. Nikateleka vikombe viwili vya maji, nikachukua vijiko vitatu vya unga na kuukoroga pembeni kwa maji baridi mpaka ukawa laini. Mama alisimama nyuma yangu akitazama. Maji yalipochemka nikamimina ule unga taratibu huku nikikoroga, nikauacha utokote hadi harufu ya ubichi ikaisha.

"Kumbe ni maji baridi kwanza," akasema. Alisema kwa furaha, kama mtoto aliyeonyeshwa njia ya hesabu.

Yeye ndiye aliyenifundisha hilo nikiwa na miaka saba, nimesimama juu ya kigoda, na nilipolikosea alinichapa mkono kwa mwiko.

Daktari alisema mishipa midogo ya kichwa imeziba huku na kule, na kwamba kilichokwenda hakirudi. Nilimuuliza kama siku mbili zingebadilisha kitu. Alisema kwa ubongo, hapana. Kwa mwili, njaa haijamsaidia mtu yeyote. Nilishukuru kwamba hakunidanganya, na sijamsamehe.

Nikamchukua kwangu Kanduyi. Watu wa shambani waliendelea kumtumia meseji kwa muda. "Mandazi." "Pilau." Simu ilikuwa kwangu, nami sikumjibu hata mmoja, kwa sababu sikuwa na haki ya kuuliza yale maswali. Mwishowe zikakoma. Yeye kila asubuhi alikaa kwenye kiti kando ya mlango wa jikoni na kusema "Uji," na mimi nikapika. Siku nyingine alinijua. Siku nyingi aliniita dada, na akanishukuru kwa kumkaribisha.

Muuguzi mmoja alinishauri nimzoeze kuzungumza, nimuulize mambo anayoyafahamu tangu zamani. Nikaogopa, lakini asubuhi moja nikajaribu. Aliposema "Uji," nikageuka nikamuuliza polepole, kwa sauti yake mwenyewe ya darasani.

"Wa watu wangapi?"

Akakaa wima. Kwa dakika moja alikuwa Mwalimu kabisa, hata vidole vikakutana mapajani.

"Mmoja," akasema.

"Uko na nini kwa nyumba?"

"Unga."

"Ushawahi kupika, ama uliona tu?"

Akafikiri sana. "Niliona," akasema. "Kuna mwalimu alikuwa anaonyesha."

Nikageukia jiko ili asinione uso. Nikapima maji ya mtu mmoja, nikakoroga unga, nikapika, nikamimina kwenye kikombe chake cha bati na kumpelekea. Hakukipokea. Alikisukuma kurudi kwangu kwa mikono yote miwili, kama anavyopewa mgeni.

"Kunywa," akasema. "Umetoka mbali."

"Ni wako, Mama. Si umesema wa mtu mmoja?"

"Ndiyo. Wewe."

"Na wewe je? Umejihesabu?"

Akaniangalia kama nimemuuliza kitu cha nchi nyingine. "Mimi?" akasema. "Mimi niko tu hapa jikoni."

Nilimnywesha kwa kijiko, nusu kikombe, kisha akachoka. Aliishi nasi miezi minane tangu siku hiyo, na kila asubuhi nilipika wa watu wawili bila kuuliza.

Lakini ile Jumatatu bado inanirudia. Hadi asubuhi ile aliponisukumia kikombe, nilidhani kwamba alipoandika "Mmoja" alikuwa anasema yuko peke yake na ana njaa, na hilo peke yake lilitosha kunikosesha usingizi. Sasa sijui alikuwa anamhesabu nani. Mlango wa jikoni kwake ulikuwa wazi nilipofika, na mezani, mbali na daftari, palikuwa na kikombe kimoja safi, kimefunikwa kwa kitambaa, upande wa kiti ambacho nilikuwa nakalia nikija.