Shingo ya Moss

Bibi yangu, Verna Pascoe, anafanyia kazi kwenye chumba cha nyuma, dirisha limezibwa kwa blanketi ili jua lisimdanganye kuhusu rangi. Zamani alikuwa akipaka wino kwenye picha za maharusi kule mjini Hamilton, akifuta chunusi na mikunjo kwa brashi nyembamba. Duka lile lilipofungwa, akanunua kompyuta na kalamu yake ya kuchorea, na sasa anavua mbwa.

Ndivyo watu wanavyosema: Verna anavua mbwa, yaani anawavua kamba kwenye picha. Wengi ni wa makazi ya mbwa waliookotwa. Mbwa wa kule haruhusiwi kuachiwa, kwa hiyo kila picha ina kamba. Wapiga picha wanaomjua hupiga ya pili upesi, kamba ikiwa imesogezwa upande mwingine, ili manyoya yaliyofichwa hapa yaonekane pale. Bibi huyachukua hayo na kuyahamishia penye kamba. Akimaliza anatafuta kivuli cha kamba, maana watu hufuta kamba wakaacha kivuli chake kimelala juu ya mgongo wa mbwa. Wakati wote huo anamnong'oneza mbwa wa kwenye picha, "Tulia, tulia, baba."

Des Hallinan alikuja akiwa na simu mkononi na kofia kwapani. Amefuga kondoo maisha yake yote upande wa barabara ya Coleraine, na shamba lilikuwa limeshauzwa. Alikuwa anahamia kwenye nyumba ndogo ya wazee mjini.

"Bado unavua mbwa, Verna?"

"Navua. Na wewe bado unanuka kondoo?"

"Siku chache zilizobaki, acha ninuke." Akaweka simu mezani. "Nataka Moss."

Moss alikuwa kelpi mwekundu, mbwa wa kuchunga kondoo, na alikufa muda mfupi baada ya kupasuliwa tumbo. Des hakuwahi kumpiga picha ya maana. Za simu yake mwenyewe zilikuwa vumbi, mkia, na kitu chekundu kinachokimbia. Picha nzuri zilikuwa tatu tu, zote zimepigwa mfululizo na muuguzi wa daktari wa mifugo karibu na dirisha la zahanati. Moss anatazama moja kwa moja, masikio yamesimama. Lakini kichwa chake kimo ndani ya koni, ile plastiki kubwa anayovishwa mbwa asirambe mshono, imefungwa kwa kitambaa chini kabisa ya shingo.

"Nikitundika hii," Des akasema, "kila nikipita nitamwona mgonjwa. Na nyingine sina. Ukishindwa, basi nitakaa na ukuta mtupu."

"Sijasema nashindwa. Fern bado yupo?"

Fern alikuwa ndugu yake Moss, wa tumbo moja, naye alikuwa ndani ya gari la Des akibwekea kila kilichopita. Bibi akamweka barazani, mwanga ukimjia kutoka kushoto kama ulivyomjia Moss. Des alimkumbatia miguu ya nyuma huku Bibi akipiga picha za shingo tu, karibu sana.

"Kwa nini usimpige upande wowote, kisha ukaugeuza kwenye kompyuta?" Des akauliza.

"Nikiugeuza, jua nalo linageuka. Utakuwa na mbwa mwenye majua mawili."

Kazi ile niliitazama kuanzia mwanzo. Plastiki ilikuwa angavu, kwa hiyo Moss alionekana ndani yake, lakini kama mtu aliye nyuma ya kioo cha bafu. Mashavu yalikuwa yamefifia kwa weupe wa koni, na Bibi akayarudishia wekundu kidogo kidogo. Ukingo wa koni akaufuta, akajenga upya ukuta wa zahanati nyuma yake. Mng'ao wa dirisha uliokuwa umetapakaa juu ya plastiki akauondoa doa kwa doa. Kisha akaleta shingo ya Fern. Aliipinda ifuate mwelekeo wa manyoya ya Moss: ya shavuni yanakwenda nyuma, ya kooni yanashuka, na kifuani yanakutana kama maji ya mifereji miwili. Hakurudia kishungi kimoja mara mbili, kwa sababu jicho hukamata marudio haraka hata kama mwenye jicho hajui amekamata nini. Mwisho akachora unywele mmoja mmoja ukingoni.

Mimi niliona mbwa mzima, tena mzuri.

Des akaja, akavuta kiti, akatazama. Akatazama tena.

"Kazi nzuri," akasema.

"Lakini?"

"Si yeye."

"Macho ni yake, Des. Sikuyagusa."

"Najua. Sijui nikuambieje. Huyu ni mbwa wa kwenye kalenda." Akasukuma kiti nyuma. "Labda nimeanza kumsahau. Basi, ichapishe tu."

Bibi hakuichapisha. Nilidhani angechukia, kumbe alivutwa. Alimwuliza kama ni rangi. Hapana. Masikio? Hapana. Unene wa shingo? Des akakuna kidevu. Ndipo Bibi akasema, "Acha kutazama. Ulikuwa unamshikaje?"

Des aliona haya kidogo. Kisha akafumba macho, akashusha mkono hewani kama anayepapasa kutoka nyuma ya sikio. Ukashuka, ukafika mahali, vidole vikazama kidogo, vikapita.

"Hapo pana nini?" Bibi akauliza.

"Kola. Hapana, kola waliivua kule zahanati." Akafungua macho. "Mtaro. Alivaa kola ya mnyororo tangu mtoto. Manyoya yalikuwa yamelika."

"Na Fern?"

"Fern ni wa jikoni. Mke wangu hakuruhusu afungwe hata siku moja."

Bibi akazifungua zile picha tatu za mwanzo na kuzipanga bega kwa bega. Muuguzi alikuwa amesogea hatua ndogo kati ya moja na nyingine. Bibi akazikuza mpaka shingo ikajaa kioo cha kompyuta, akaonyesha kwa ncha ya kalamu.

"Tazama madoa haya meupe. Hili hapa lilikuwa karibu na sikio, picha ya pili limeteleza, ya tatu limetoka kabisa. Huo ni mng'ao, unamfuata mpiga picha. Sasa hili."

Ulikuwa mstari mwembamba mweupe, uliokatikakatika. Picha ya kwanza, ya pili, ya tatu, ulikaa palepale shingoni.

"Hili linamfuata mbwa," akasema. "Ni mvi, Des. Mnyororo ulikuwa unasugua, nywele zikaota nyeupe. Nami nilizifagia pamoja na mng'ao wa dirisha."

"Ulimsafisha."

"Nilimsafisha mno."

Bibi akaiondoa shingo ya Fern mahali pale, akaanza upya, Des akitazama nyuma ya bega lake. Aliyafupisha manyoya, akayafanya mazito kidogo kwa rangi pale yalipolala, akayatawanya juu na chini ya mtaro. Kisha akachora mvi, akifuata zile zilizoonekana kupitia plastiki.

"Nyembamba zaidi upande huu," Des akasema. "Zaidi. Hapo. Usijaze, palikuwa wazi kabisa chini ya koo."

"Nani anachora?"

"Wewe. Lakini mimi ndiye niliyemfunga."

Bibi akainua kalamu. Des akasogeza uso karibu na kioo.

"Huyo," akasema.

Bibi akamwambia aje kesho kuchukua, wino uwe umekauka vizuri. Des akasema angesubiri, kama hakuna aliyehitaji kiti. Mashine ikaanza kuvuta karatasi. Masikio yakatoka kwanza, mstari kwa mstari, kisha macho, kisha mashavu mekundu. Ilipofika shingoni, Des alikuwa ameshasimama na kuinama juu yake, mkono umenyooka.

"Usiiguse," Bibi akasema. "Bado mbichi."