Mashine ya Ghalani Haijaachia

Nimefanya kazi miaka tisa hatua arobaini kutoka mlango wa Valentino Shekibula, na ungeniuliza mwaka jana anapenda nini, ningekujibu kwamba anapenda kunyamaza. Ndivyo tulivyokuwa tukisema pale ofisini, tukacheka, tukaendelea na chai yetu. Mtu akiwa mpole sana, watu huamua kwamba hahitaji kitu.

Mimi ni Loveness, wa mapokezi. Umoja wetu una zahanati kumi na nne, kuanzia Lukozi hadi kule Mtae ambako barabara yenyewe huchoka kabla ya kufika. Zahanati zote zinaandika chanjo za watoto kwenye rejista moja ya kompyuta, na rejista hiyo inakaa kwetu, Lushoto mjini. Kuna mashine tatu. Mbili ziko chumba cha nyuma, anakokaa Valentino. Ya tatu iko juu ya mteremko, kwenye ghala la zamani la mbegu za viazi, pamoja na sanduku la diski lenye rejista yenyewe. Zilitenganishwa ili moto ukila nyumba moja usile zote.

Valentino ana miaka hamsini na sita. Alizaliwa upande wa Lukozi, kwa wakulima wa karoti na kabichi. Ujanani alikuwa fundi wa laini za simu, akipanda nguzo katika ukungu kwa viatu vyake vya chuma vya kupandia, na nguzo zilipokosa kazi akajifunza kompyuta kwa kusoma mwenyewe, kwa taa ya chemli. Mkewe Secilia alifariki miaka minne iliyopita. Binti yake Glory yuko Dar es Salaam na hupiga simu Jumapili baada ya ibada. Mbali na yeye, mtu aliyempigia Valentino kwa uhakika alikuwa mmoja tu: Sista Hamida, muuguzi wa zahanati ya Mtae. Ijumaa ndiyo siku ya kliniki huko, na kila Ijumaa asubuhi Hamida alipiga kuuliza kama mtandao uko hai. Walizungumza dakika tano. Miaka sita, na hawakuwahi kuonana uso kwa uso.

Ijumaa ninayoisimulia, mafundi wa bomba walikuwa wanachimba mtaro uani. Saa tatu na dakika kumi simu zangu zikaanza kulia zote kwa pamoja. Lukozi hawaoni rejista. Vuga hawaoni. Akina mama wamekaa na watoto mapajani na wauguzi wanakodolea macho kioo. Nikaenda kwa Valentino, nikasimama mlangoni.

"Shikamoo, Baba Glory. Watu wananipigia kelele."

"Marahaba, mwanangu. Mashine ya ghalani imenyamaza."

Simu yake ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa, na ndani yake alikuwamo Idrisa, mkuu wa mifumo aliye Tanga. Idrisa ni kijana msomi, mkarimu, na ana haraka ya mtu anayepigiwa simu na wakubwa. Alikuwa ameshafanya jambo kabla ya kuuliza.

"Mzee Valentino, programu ya rejista ilikuwa ghalani. Mashine haijibu, nikasubiri dakika tano, mfumo ukasema utaiondoa lakini ikabaki hapo hapo inaning'inia. Nimeifuta kwa nguvu kwenye orodha. Mpya imezaliwa kwenye mashine ya kwanza, hapo kwako. Ila haiwaki."

"Haiwezi kuwaka," Valentino alisema. "Soma ujumbe."

Nilichungulia kioo chake kutoka pale mlangoni. Mistari ilikuwa inajirudia kwa Kiingereza, kila baada ya dakika chache, na yeye akanitafsiria bila kuombwa: diski imeshaunganishwa na mashine moja peke yake, haiwezi kuunganishwa na nyingine. Mafundi wa kompyuta huliita kosa hilo multi-attach. Sikuelewa na nikasema sielewi.

"Mwanangu, kwenu mna zamu ya maji ya mfereji?"

"Tunayo."

"Unafungua kwako kabla mwenzako hajafunga kwake?"

"Nitapigwa jembe."

"Basi. Diski hii ni ya mmoja mmoja. Idrisa amefuta jina la programu ya zamani kwenye orodha, lakini kufuta jina si kuizima. Mfumo bado umeandika kwamba diski iko mikononi mwa ghala, na ghala halijaachia."

Idrisa akaingilia kati. Mifumo mingi, alisema, husubiri dakika sita kisha hung'oa diski yenyewe. Kwa nini huu hausubiri ukang'oa?

"Kwa sababu nilizima hesabu hiyo ya dakika sita," Valentino alijibu. "Mwaka juzi. Nilikuandikia."

Kisha Idrisa akasema anayo njia nyingine: ataibandika mashine ya ghalani alama ya kwamba haiko kazini, na mfumo utaing'oa diski papo hapo. "Mashine imekufa, mzee. Nina zahanati kumi na nne chini."

"Umeiona ikiwa imekufa?"

"Haijibu!"

"Hata mimi watu huwa wananiita nisijibu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alieleza taratibu, na safari hii nilielewa, na nikaogopa. Kama mashine ile bado iko hai na bado inaandika, halafu ya pili ikapewa diski hiyo hiyo, zitaandika mbili mahali pamoja, kila moja ikidhani iko peke yake, na rejista itavurugika isisomeke. Diski ya nakala ya akiba ilikuwa imekufa Jumatatu na mpya ilikuwa haijafika. Nakala nzima ya mwisho ilikuwa ya Jumapili. Siku tano za chanjo za zahanati kumi na nne zingepotea. Mtoto aliyechomwa Jumanne angechomwa tena, na yule ambaye hakuchomwa asingetofautishwa na aliyechomwa.

Wakati huo ndipo simu yake ya pili ikalia. Sista Hamida, kama kila Ijumaa, ila amechelewa.

"Kaka Valentino, habari za huko? Leo mtandao umenyooka kweli kweli. Nimeshaandika watoto ishirini na mmoja."

Valentino aliisogeza simu karibu.

"Unaandika sasa hivi, Sista?"

"Naandika huku nakuongelesha."

Hapo nilimwona anazeeka mbele yangu. Alikuwa amekumbuka kosa lake. Miaka mitano nyuma, redio inayoleta mtandao wa Mtae ilikuwa ikikatika kila mvua, na Hamida alikuwa akiandika kwenye madaftari kisha anarudia upya usiku kwa mkono mmoja huku akinyonyesha. Valentino akamwonea huruma. Waya wa mnara wa redio hiyo, ulio juu ya ghala, akauchomeka moja kwa moja kwenye mashine ya ghalani, bila kuupitisha kwenye swichi ya ofisi, kile kisanduku kinachounganisha zahanati nyingine zote. Njia ya mkato, ya Mtae peke yake. Hakuiandika popote. Hakuwa na wa kumwonyesha.

Kwa hiyo ghala lilikuwa hai. Mafundi wa bomba walikuwa wamekata tu waya ambao mashine ya ghala huzungumza nao na ofisi. Ule wa diski ulipita njia nyingine, haukuguswa. Programu ambayo Idrisa aliifuta kwenye orodha ilikuwa inaendelea na kazi yake kule juu, haijui kwamba imefutwa, ikimhudumia mtu mmoja tu katika milima yote hii.

"Idrisa," Valentino alisema, "usiguse kitu. Ukibandika hiyo alama sasa, utaua rejista. Nipe dakika ishirini nifike nikaizime kwa mkono."

"Wakubwa wananipigia."

"Waambie mzee anapanda mlima."

Akarudi kwenye simu ya Hamida, akamwomba aache kuandika, ashike daftari mpaka atakapoambiwa. Hamida hakuuliza kwa nini. Alisema tu, "Sawa, kaka, nimeacha," na nilisikia sauti ya mtu anayemwamini mwingine, ambayo pale ofisini sikuwahi kuisikia ikielekezwa kwa yule mzee.

Akavaa koti la mvua akapanda mteremko. Nilimwangalia kupitia dirishani: manyunyu, matope mekundu, goti lake la kushoto ambalo lilivunjika kwenye nguzo zamani. Hakuna aliyeandamana naye. Mimi nilikuwa na simu za kupokea, ndivyo nilivyojiambia.

Mengine nimeyajua baadaye. Alikuta taa za mashine zinawaka na taa ya diski inapepesa. Aliisimamisha programu taratibu, akasubiri imalize kuandika, diski ikaachiwa, kisha akaizima mashine na kuchomoa waya wa umeme akabaki nao mkononi. Ndipo akampigia Idrisa: nimeiona, imezimwa, bandika sasa. Idrisa akabandika. Muda mfupi baadaye diski ikaunganishwa na mashine ya kwanza, programu mpya ikawaka, na watoto ishirini na mmoja wa Mtae walikuwamo wote.

Saa nne na nusu ujumbe uliingia kwenye kundi letu la simu. Idrisa aliandika, "Mfumo umerudi, samahani kwa usumbufu." Sidhani alikusudia ubaya. Lukozi wakajibu asante Idrisa. Vuga wakajibu Mungu akubariki Idrisa. Mwenyekiti akaandika kwamba hiyo ndiyo faida ya vijana wenye elimu. Na mimi, niliyesimama mlangoni pale nikasikia kila neno, niliyemwona akipanda na goti lake, niliandika, "Asante sana Idrisa," na mikono mitatu ya kupiga makofi. Kidole kiliwahi kuliko akili. Valentino yumo kwenye kundi hilo. Aliweka alama ya dole gumba.

Mtae peke yao ndio walibaki gizani, maana njia yao ya mkato iliishia kwenye mashine aliyoizima. Aliunga waya uliokatwa mtaroni kwa mikono yake, akahamishia redio ya Mtae kwenye swichi, na safari hii akaiandika kwenye daftari. Saa kumi na moja jioni alinipitia akiwa ametota. "Usiku mwema, mwanangu," akasema. Nikamwitikia bila kuinua kichwa, kwa aibu.

Jumatatu alikuja mwanamke mnene mwenye ushungi wa kijani, vumbi la safari ndefu miguuni na mfuko wa magimbi mkononi.

"Mimi ni Hamida wa Mtae. Nimeletwa na semina. Namtafuta kaka Valentino, kaka wa mtandao. Ni yupi?"

Ningeweza kuelekeza kwa kidole. Nilinyanyuka nikampeleka mwenyewe, nikabisha hodi, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa nikavuka kizingiti.

Valentino aligeuka. Hamida akasema, "Kaka, shikamoo, ni mimi," na sauti ile ndiyo iliyomtambulisha, kwa sababu mzee alisimama ghafla, akafungua mdomo, akaufunga, akaanza kuangaza macho chumba kizima, pembeni, nyuma ya mashine, chini ya meza. Nilidhani amepoteza kitu. Kisha nikaelewa anatafuta mahali pa kumkalisha mgeni.

Chumba kile kina kiti kimoja.