Sidi na Nyota Tatu za Absalom

Mikono ya Sidi ilikuwa bado inamuuzia Absalom vyandarua.

Hilo ndilo lililomchoma kuliko kufukuzwa kwenyewe. Ukifungua duka la Absalom katika soko la mtandaoni, picha ya kwanza ilionyesha mikono ya mwanamke ikinyoosha upindo wa neti, na juu ya kidole gumba cha kushoto kovu la pasi, jeusi, lenye umbo la jani. Kovu la Sidi. Miaka minne alikuwa ameshona katika karakana ile ya Magongo, na sasa yeye yuko nyumbani Mtopanga hana kazi, mikono imebaki kwa tajiri.

Kosa lake lilikuwa kusoma. Siku moja aliinua simu mbele ya mafundi wenzake akasema, "Mzee, wateja wanalalamika. Wanasema neti za vitanda vya dabodeka hazitoshi. Tazama maoni haya."

Absalom hakutazama. Alicheka, akawageukia mafundi ili nao wacheke. "Sidi, wewe shona. Maoni tuachie wenye kusoma." Mwisho wa wiki hiyo akamwambia asirudi, kwamba karakana haihitaji fundi mwenye mdomo.

Basi Sidi akaapa. Hakuapa kwa machozi. Aliweka cherehani yake ya miguu karibu na dirisha, akanunua daftari la kurasa tisini na sita, akaandika juu ya ukurasa wa kwanza: ABSALOM.

Mwanzoni hasira ilimpeleka pabaya. Alitaka kuuza bei ya chini tu, amkate tajiri miguu. Akaorodhesha wauzaji kumi na watano wa vyandarua vya dabodeka, yaani vitanda viwili vilivyobebana, na bei ya kila mmoja pamoja na usafirishaji. Wengi walikuwa kati ya mia saba na mia tisa. Kisha akapiga hesabu ya kitambaa, uzi, mfuko na kamisheni ya soko. Angeuza mia sita na hamsini, angebakiwa na shilingi arubaini. Absalom, anayenunua kitambaa kwa marobota, angeshuka hapo hapo na kumcheka mara ya pili.

"Kumbe bei ndiyo uwanja wake," alimwambia Fancy, jirani yake anayekaanga viazi karai nje ya geti. "Nikipigania hapo atanizika."

"Sasa utapigania wapi, mama?"

"Sijui. Nasoma."

Akasoma kweli. Maoni mia mbili na kumi na nne, ya Absalom na ya wenzake. Alijifunza upesi kwamba nyota tano hazisemi kitu: "Nzuri", "Asante", basi. Nyota moja nyingi zilimtukana mtu wa pikipiki aliyechelewesha mzigo. Waliosema kweli ni wa nyota tatu, watu waliotaka kuipenda neti ikawashinda. Hao aliwanakili neno kwa neno.

"Kitambaa safi ila haifiki chini ya godoro, mbu wanapita."

"Imezidi urefu, inajikusanya sakafuni, mtoto anaikanyaga."

"Mlango umeangalia ukutani. Kijana wangu anaingia kitandani kama mwizi."

Fupi kwa huyu, ndefu kwa yule, na ni neti ile ile! Sidi alichora mstari chini ya maneno ya Absalom kwenye tangazo: "Saizi moja kwa vitanda vyote." Siku iliyofuata alibeba futi ya kushonea akaenda Mjambere kwa wachomelea vitanda vya chuma, akapima nafasi kati ya kitanda cha chini na cha juu. Fundi mmoja alijenga sentimita themanini, wa pili tisini, wa tatu mia na tano. Na ngazi kila mmoja aliiweka upande aliopenda. Hakuna muuzaji katika wale kumi na watano aliyewahi kumwuliza mteja kitanda chake kikoje. Pengo lilikuwa wazi kama mlango uliosahauliwa, na wenye pesa wote walikuwa wamelipita.

Akafungua duka lake katika soko lile lile. Tangazo lake lilikuwa na picha za kitanda halisi na futi imesimamishwa kando. Bei, mia tisa na themanini. Chini akaandika: "Nipimie kutoka mbao za kitanda cha juu hadi chini ya godoro la chini. Niambie mlango ukae kushoto au kulia. Nitakushonea chako."

Mwezi wa pili alikuwa anashona neti tano kwa siku. Ndipo likaja agizo kutoka kituo cha kuchukulia mizigo cha Magongo, kwa jina Rosalia. Mahali pa vipimo pameandikwa "Kawaida".

Rosalia alikuwa karani wa Absalom.

Sidi aliandika kwa adabu zote: "Mlango kushoto au kulia, dada?"

Jibu likaja: "Popote."

Alicheka hadi Fancy akaacha karai. "Mwenye kitanda anajua ukuta uko wapi! Huyu hana kitanda, ana mkasi. Anataka kuifumua."

"Basi mshonee mbovu!"

"Wapi! Nitamshonea safi. Sentimita tisini, mlango kushoto. Akiiga, aige vizuri."

Baada ya siku kumi ikatokea katika duka la Absalom: neti ya Sidi mwenyewe, upindo kwa upindo, shilingi mia saba na tisini. Na picha ya kwanza, mikono yenye kovu. Mauzo ya Sidi yakaanguka, tano kwa siku, tatu, moja. Wiki tatu alilala kodi ya nyumba imemkodolea macho.

"Mpige nyota moja," Fancy alisema. "Tutakuwa kumi, tumtie uchafu."

"Soko linapokea maoni ya aliyenunua tu. Na hata lingepokea ya kila mtu, nisingetaka. Nataka wateja wake wenyewe ndio wamwangushe, kwa ukweli, na yeye ajue ni ukweli."

Walimwangusha. Absalom alikuwa amenunua neti moja akaiga neti moja. Maswali yaliyoishona hayakuwa ndani ya mfuko. Wenye sentimita themanini wakarudisha. Wenye mia na tano wakarudisha. Wenye ngazi kulia wakapiga picha watoto wao wamebanwa ukutani. Nyota zake zikatoka nne na nusu zikafika tatu kasoro, na soko likalisukuma tangazo lake hadi ukurasa wa nne, ambako hakuna anayefika. Sidi aliyasoma maoni yale kila asubuhi na chai yake ya tangawizi, polepole, kama barua za mchumba.

Agizo la nane la siku lilikuwa limeingia simu ilipolia.

"Sidi, mwanangu."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Rudi kazini. Nitakupa chumba chako, mafundi wako wawili. Niambie tu hili wazo la vipimo ulilipata wapi."

Lilikuwa limeandikwa katika maoni ya duka lake mwenyewe, chini ya jina lake mwenyewe, tangu mwaka uliopita. Hata sasa hakuwa amesoma.

"Wewe shona, mzee," Sidi alisema. "Maoni tuachie wenye kusoma. Na uitoe mikono yangu kwenye duka lako leo."

Akakata. Jioni ile picha ilikuwa imeondolewa, pamebaki doa jeupe.

Angeweza kutosheka. Akafungua duka la Absalom kuanzia juu: foronya, mapazia, shuka za vitanda vya watoto. Bidhaa kumi na moja nyingine. Akafungua ukurasa mpya wa daftari, akabonyeza shuka, akaenda moja kwa moja kwenye nyota tatu.