Wimbo wa Kumlaza Kifungo

Mama Pindo tulimpa jina hilo kwa sababu hakuna aliyemfikia kwa kupinda nguo. Chumba chetu kina cherehani nane za umeme, zinanguruma kutwa, na ukitaka mkasi wa mwenzio sharti upaze sauti kama mpiga mnada. Ulimi wa Mama Pindo ni mkali kuliko sindano, ila kwa mjukuu wake, Kifungo, aliyeachiwa na marehemu bintiye, hana ukali hata chembe. Mchana alimlaza chini ya meza ya kukatia nguo, akamwinamia, akamwimbia polepole sikioni.

Siku Kifungo alipoamka analia ameshika sikio, alimbeba hadi zahanati. Daktari akamulika ndani. Mtoto wa miaka mitatu, sikio moja, kiwambo cha ndani chekundu, homa kidogo. Akampa dawa ya maumivu.

"Maradhi mengi ya sikio ya namna hii hupona yenyewe, mama. Homa ikipanda, maumivu yasipopoa kwa siku mbili tatu, au usaha ukitoka, mrudishe. Hapo atahitaji antibiotiki."

Alirudi amefura. "Nimekwenda na mgonjwa, nimerudi na dawa ya kutuliza!"

Kesho yake usaha ukatiririka, Kifungo akanyamaza, akalala fofofo. Mama Pindo akashangilia. "Uchafu umetoka, ugonjwa umetoka!" Sote tukaitikia, maana nani hajui kuwa jipu likishapasuka ndiyo nafuu? Kumbe kilichopasuka ni kiwambo cha sikio. Maumivu yalipungua kwa kuwa usaha ulipata njia, lakini vijidudu vilibaki. Angerudishwa siku ile angepewa dawa, na kitundu huenda kingejiziba ndani ya wiki chache. Badala yake Mama Pindo akaliziba sikio kwa pamba tunayojazia mabega ya makoti. Usaha ukawa unakauka na kurudi, miezi ikapita, na sikio la pili nalo likafuata.

Sisi hatukuona kitu. Tulimwita, akaja mbio. Humu nani asiyepiga kelele? Hata nyumbani Mama Pindo huongea kana kwamba cherehani imemfuata.

Mpaka umeme ulipokatika. Mashine zote zikanyamaza kwa pamoja. Kifungo alikuwa sakafuni akipanga vifungo, amempa bibi yake mgongo.

"Kifungo," Mama Pindo akaita kwa ile sauti ya kumlazia. "Njoo, mama."

Mtoto hakugeuka. Akaita tena. Mtoto akaongeza kifungo kingine kwenye mstari wake.

Hospitalini walisafisha masikio, wakampa dawa ya matone, usaha ukakoma. Lakini matundu ni makubwa na usikivu umepungua. Akikua huenda wakayaziba kwa upasuaji, ila hawakuahidi.

Inaniuma, sifichi. Mchana Mama Pindo bado anamlaza palepale. Anatuomba tuzime cherehani, nasi tunazima bila kunung'unika. Halafu, chumba kikiwa kimya kabisa, anamwimbia wimbo wa kulala kwa sauti ya mpiga mnada.