Mirunda Chini ya Linta ya Fundi Hemedi

Fundi Hemedi Nandule alinipiga kofi mbele ya kungwi, mbele ya ngoma, mbele ya ndugu zangu wote waliotoka Msimbati, na mwanzoni niliapa nitamlaza polisi. Leo mtu akimsema vibaya mbele yangu ajiandae, maana mkono wangu nao ni mwepesi.

Hapa Mahurunga hakuna asiyemjua. Ni mfupi, ana mikono iliyokakamaa kwa saruji na mdomo wa kutukana watu wazima. Ujana wake alijenga Mikindani na mdogo wake, Saidi. Mwenye nyumba alikataa mkanda wa zege juu ya kuta, akasema babu zake waliishi kwenye nyumba za mawe zisizo na nondo hata moja. Hemedi alimwambia ukuta wa babu yako una unene wa mkono mzima, huu wako ni wa tofali moja. Alibishiwa, akanyamaza, akapaua. Masika yalipoingia kenchi za paa zilisukuma kuta nje, kona ikafunguka, na Saidi alikuwa chini yake. Walimtoa kwa koleo.

Toka hapo hakunyamaza tena. Kuna mwalimu mmoja alitaka dirisha lake likae kwenye kona kabisa apate upepo. Hemedi alishika nyundo akaibomoa kozi nzima ya tofali aliyoijenga asubuhi hiyo hiyo. "Kona ndiyo inayoshika kuta mbili," alimfokea. "Sogeza dirisha hatua moja, au tafuta fundi wa kukuchimbia kaburi!" Mwalimu alisogeza.

Mimi na mume wangu, Mustafa, tulimpa kazi yetu baada ya msimu mzuri wa korosho. Vyumba vitatu, na mbele frem ya duka, uwazi mpana wa kuingiza magunia. Fundi alitusimamisha juani kama watoto wa shule. Linta ya frem, ile boriti ya zege juu ya uwazi, alisema, ilalie ukuta shibiri nzima kila upande, isipungue. Nondo zikae juu ya vijiwe zisiguse mbao, la sivyo chumvi ya huku itazila. Mchanga wa ufukweni marufuku. Juu ya linta zije kozi tatu, kisha mkanda uzunguke nyumba yote bila kukatwa popote, na kwenye kona nondo zipinde, zilaliane futi mbili.

"Nyumba isiyo na mkanda ni mzigo wa kuni usiofungwa," alisema. "Ukiuinua tu, unamwagika."

Alimwaga linta Jumamosi, akaiwekea mirunda sita chini, miti ya kuishikilia mpaka zege likomae. Kabla ya kwenda Msimbati kwa kazi nyingine aliniita mimi, si Mustafa. "Mama Riziki, mwagia maji siku saba. Mirunda hii wiki tatu. Hata akija mkwe wako, asiiguse."

Nikasema ndiyo, Fundi. Mdomo hauna kodi.

Jumatano ilikuwa siku ya kumtoa mwali, binti yangu Riziki. Wageni walizidi hesabu, na banda la wanawake lilikosa nguzo. Kwetu nguzo za ngoma huokotwa popote zilipo. Ukinyima nguzo siku ya mwali utasemwa mpaka ufe. Nikaitazama ile mirunda sita, imenyooka, imekaa bure. Zege lilikuwa gumu, ukiligonga linalia. Mimi ndiye niliyesema ing'olewe. Simsingizii mtu.

Mustafa naye akaona nafasi. Geti la chuma alilonunua Mtwara lilikuwa pana kuliko frem, basi akachukua tindo akala ukuta wa upande mmoja mpaka shibiri ile ikabaki vidole vinne. Kisha, mwanamume mzima, akapandisha kozi mbili za tofali juu ya linta ili Fundi akirudi akute kazi imesogea. Turubai la kivuli tukalifunga kamba kwenye linta hiyo hiyo. Wanawake kumi na watano wakakaa ndani ya frem, na Riziki katikati yao, kajifunika khanga, kainamisha kichwa kama mwali anavyotakiwa.

Saa tisa alasiri Fundi akarudi. Alishuka kwenye bodaboda, akaona banda, akaitambua mirunda yake. Sijawahi kuona mtu anakimbia vile. Alipiga teke ngoma ya kwanza ikapasuka. Akanyakua fimbo ya mpiga ngoma akaanza kuchapa: migongo, mabega, vichwa vyenye vilemba vya sherehe. "Tokeni! Tokeni, wajinga nyie!" Kungwi alimng'ata mkono, naye Fundi akamburuta nje kwa khanga. Mustafa akamvaa kwa ngumi ya shavu, damu ikatoka, na Hemedi akamrudishia kwa kichwa, Mustafa akakaa chini.

Alipogeuka kurudi ndani, mimi nilisimama kwenye mlango wa frem nimetanua mikono. Nilidhani amepagawa, au amelewa, anataka kuvunja ngoma ya mwanangu. "Hupiti!" nikamwambia, na nikamtemea mate.

Ndipo lilipokuja kofi. Sikio likalia, nikayumba, akanisukuma nje nikaangukia magoti. Nikiwa pale nilisikia mlio mdogo, kama muhogo mkavu ukivunjwa. Nikageuka. Ile pembe ya linta iliyolalia vidole vinne ilikuwa inamwaga unga wa tofali.

Wanawake wengine walikuwa wameshatoka mbio, Riziki peke yake alikuwa bado amekaa. Mwali hainuki mpaka kungwi amwambie, na kungwi alikuwa nje akilia. Fundi alimshika kwapani akamrusha, kwa kweli alimrusha, mtoto akaniangukia kifuani. Linta ikashuka upande mmoja pamoja na tofali zote na turubai juu yake. Vumbi lilipotulia tuliona mikono ya Hemedi, tukaona kichwa chake. Mguu wa kushoto hatukuuona.

Wanaume wanane waliinua linta kwa mirunda ile ile, baada ya kuing'oa bandani. Alipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Hospitalini Mtwara waliukata chini ya goti.

Mustafa alitaka kuhama kijiji kwa aibu. Nilimwambia aone aibu hapa hapa akijenga. Fundi alirudi na magongo baada ya miezi minne, akakaa kwenye kigoda mbele ya frem akitutukana upya. Tuliujenga ukuta ule tena, shibiri ikarudi, geti la Mustafa likauzwa. Linta mpya ikamwagwa, mirunda sita chini.

Siku ya kumi na mbili kaka yangu Hamisi alikuja. Jirani amefiwa, banda la matanga linataka nguzo.

"Dada, miwili tu. Ni msiba, si ngoma."

"Siku ya kumi na mbili, Hamisi."

"Mbona linta imeshakauka?" Akaushika mmoja, akaanza kuutikisa.

Nilikuwa natwanga. Nilimpiga na mchi kwenye mkono, kwa nguvu zangu zote, na nikausikia mfupa. Alianguka akinilaani kwa jina la marehemu mama yetu, na majirani wakatoka nje kutazama. Nikasimama mbele ya mirunda na mchi wangu, machozi yananitoka.

Fundi Hemedi alicheka kwenye kigoda chake. "Kha! Mama Riziki, mimi nilitumia kofi tu."

Nikautazama mguu wa suruali yake, ameukunja na kuufunga kwa waya wa kufungia nondo.

"Kofi lile lilinichelewa, Fundi," nikamwambia. "Ungenipiga Jumamosi, leo ungekuwa na miguu miwili."