Kipeo cha Nne

Mwaka wangu wa tatu Guangzhou, maabara nzima iliachwa mikononi mwangu kwa wiki tatu. Ilikuwa sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina. Wenzangu walifunga mabegi wakaenda kwao, na mimi, ambaye kwetu ni Tanga, nikabaki na funguo, maua mawili ya profesa ya kumwagilia, na vijidudu vyangu. Nilijitia kufurahi. Niliwaambia kwamba hatimaye nitatumia inkubeta bila kupanga foleni. Uongo mtupu. Siku ya pili tu nilikuwa naongea na pipeti.

Kazi yangu ilikuwa kupima kama maji ya majani ya mkunazi yanaua bakteria. Bakteria milioni sita huwezi kuwahesabu mmoja mmoja. Unawazimua kwa maji mara kumi kwenye mrija mmoja, mara kumi tena kwenye mrija unaofuata, mpaka wapungue. Kisha unapaka kidogo kwenye sahani yenye chakula chao na kuiweka kwenye joto la inkubeta, na kesho yake kila aliye hai amekuwa doa la kuonekana kwa macho. Unahesabu madoa, halafu unarudisha zile kumi zote ulizozimua. Ndiyo maana hatuandiki 6,100,000. Tunaandika 6.1 × 10⁶, na macho ya kila mtu yanakwenda kwenye kile kitarakimu kidogo cha juu, kipeo, maana hicho ndicho kinachobeba ukubwa wa jambo.

Profesa alikuwa ameniwekea mstari. Dawa yangu ikipunguza bakteria mara 10⁴, yaani katika kila elfu kumi abaki mmoja, jina langu litapelekwa kuombewa ufadhili wa uzamivu, miaka minne mingine. Isipofika hapo, namaliza uzamili narudi nyumbani. Nami nilikuwa nimefika. Kabla ya sikukuu, sahani zisizo na dawa zilitoa bakteria 6.1 × 10⁶ kwa mililita, zenye dawa 5.8 × 10². Ukigawanya unapata 1.05 × 10⁴. Nilivuka mstari kwa ncha ya kidole, lakini nilivuka. Nilitembea siku tatu kama bibi harusi. Profesa alisema nirudie jaribio mara moja tu wakati wa likizo, akirudi tupeleke fomu.

Mara ya kwanza tulikuwa wawili. Sahani zisizo na dawa aliziandaa shijie wangu, ndivyo wanavyomwita dada aliyekutangulia masomoni, na zenye dawa niliziandaa mimi. Safari hii nikaziandaa zote mwenyewe. Asubuhi iliyofuata nikahesabu. Zenye dawa zilikuwa vilevile, madoa hamsini na tisa. Zisizo na dawa, madoa sitini na mawili kutoka mrija wa 10⁻⁴, yaani wa nne katika kuzimua. Nikapiga hesabu: 6.2 × 10⁵.

Mara kumi pungufu. Nikawalaumu bakteria kwanza, nikasema wamechoka, hata wao wanataka likizo. Lakini nilikuwa nimewaandaa mpaka maji yao yakawa na ukungu uleule kwenye kipimo kilekile. Nikaenda kwenye friji ambako sahani za zamani huhifadhiwa, nikatoa ya shijie, nikaiweka mezani karibu na yangu. Madoa ni yaleyale, sitini na moja kwa sitini na mawili. Daftari linasema mrija ni uleule. Juu ya mfuniko wake ameandika -5. Juu ya wangu nimeandika -4.

Nilikaa chini. Hakuna mtu wa kuniambia kaa, nikakaa tu.

Ni hivi. Kwetu chuoni nilifundishwa kuandika kwenye mfuniko kipeo cha mrija. Pale maabara ya Guangzhou huwa hawapaki mililita nzima, hupaka sehemu moja ya kumi ya mililita, na hiyo sehemu ya kumi nayo ni kuzimua mara kumi nyingine. Kwa hiyo wao huijumlisha palepale: mrija wa -4, mfuniko -5. Kisha wanahesabu madoa na kuzidisha kwa kile kilichoandikwa. Mimi niliandika kwa mkono wa kwetu na kukokotoa kwa kanuni yao. Sahani za shijie zilikuwa sahihi. Zangu zenye dawa, kutoka mrija wa 10⁻¹, nilizidisha kwa kumi badala ya mia. Waliobaki hai hawakuwa 5.8 × 10², walikuwa 5.8 × 10³. Dawa yangu ilipunguza mara 10³.

Hapakuwa na wa kujua. Hilo ndilo lililonitia hofu. Kalamu ya mfuniko inafutika kwa spiriti, na spiriti ilikuwa mbele yangu; ningefuta ile -4 ya sahani isiyo na dawa, niandike -5, na majaribio mawili yangelingana.

Mchana nikapanda metro mpaka Xiaobei, mtaa wa Waafrika, si kwa njaa, kwa kutafuta tu sauti za watu. Kwenye mgahawa kando ya barabara ya Huanshi Zhonglu nikamkuta dada mmoja wa Dar tunayejuana naye kwa sura, mfanyabiashara anayenunua jinzi kwenye viwanda vya Xintang, amekwama kwa sababu viwanda vimefungwa.

"We msomi, mbona umenuna hivyo?"

Nikamweleza. Nilidhani dawa inaua asilimia tisini na tisa nukta tisa tisa, kumbe ni tisini na tisa nukta tisa.

Akacheka mpaka akaweka kijiko chini. "Mdogo wangu, si ndiyo ileile! Mimi laoban, bosi wa kiwanda, akiniletea mzigo mzima hivyo, order nyingine nampa papo hapo. Kula wali wako, bwana."

"Dada, waliobaki ni mara kumi zaidi."

"Wadudu hao? Meiyou, hakuna! Nani atawaona?"

Alinipenda, alininunulia na chai. Nikala wali nikijisikia mpweke kuliko nilivyokuwa kule maabara, maana kule angalau hakukuwa na mtu wa kunielewa vibaya.

Niliporudi sikugusa spiriti. Si kwamba mimi ni malaika. Nililia kwanza, nikamtukana shijie kwa kutoniuliza, nikajitukana kwa kutouliza. Kisha nikapiga picha mifuniko miwili ikiwa pamoja, nikaandika hesabu zote mbili, nikamtumia profesa. Alinijibu baada ya siku mbili, katikati ya fataki za kwao: "Nimepata. Asante kwa kusema mapema. Ufadhili tutamwombea mwingine." Shijie aliniandikia kwamba sasa atamuuliza kila mgeni anaandikaje mfuniko. Nilimshukuru kwa adabu na kuweka simu kifudifudi.

Jioni mama alipiga kutoka Tanga. Sikuwahi kumwambia habari za ile miaka minne. Nilingoja jambo likamilike ndipo nimpasulie. Kila simu aliuliza swali lilelile, nami kila simu nilikwepa.

"Mwanangu, unarudi lini?"

"Mwezi wa saba, mama. Nikimaliza."

"Moja kwa moja?"

"Moja kwa moja."

Akashusha pumzi kwa nguvu, kisha akaachia kigelegele kirefu. Nikamsikia akimwita jirani yetu, "Njoo usikie, anarudi, Alhamdulillahi, anarudi!" Jirani naye akapokea. Nilisimama kwenye korido tupu ya bweni, simu nimeisogeza mbali kidogo na sikio, na nikawaacha washangilie mpaka wamalize.