Sikio la Kushoto

Katika jimu ya jengo lao la ghorofa pale Penang, Malaysia, Gaik Hoon na mumewe Boon Keat waligawana vipokea sauti vya masikioni visivyo na waya: mume cha kulia, mke cha kushoto, vyote vikiwa vimeunganishwa na skrini ya baiskeli ya mazoezi ya mume.

Baada ya mazishi ya mumewe, Gaik Hoon alirudi, akapanda baiskeli yake kando ya ile ya mume, akafungua kijaluba na kuvaa cha kushoto. Mara akasikia mtangazaji wa badminton, mchezo alioupenda Boon Keat. Akageuka.

Alikuwa Haziq, kijana wa ghorofa ya chini, juu ya baiskeli ya Boon Keat, akibonyeza skrini.

"Anti, changu kinagoma kuunganika. Chako kimeiteka hii skrini."

"Basi hama!"

"Nihamie wapi? Ile nyingine mbovu. Au nitazame kama kiziwi?"

Gaik Hoon hakutaka kuiachia sauti ile.

"Bonyeza jina la vipokea sauti vyetu," alisema mwishowe, kidevu juu, "halafu 'Tenganisha'."

"Asante, Anti. Pole kwa Anko."

Sauti ya mtangazaji ikakatika katikati ya neno. Gaik Hoon hakukitoa kile cha kushoto. Alizidi kukanyaga pedali nacho sikioni, kikiwa kimya.